Paka Ndani ya Ukuta wa Eliakimu

Chai ilikuwa haijachemka, na Mwanvua alikuwa ameshachoka na watu. Paka alikuwa analia mahali fulani kati ya nyumba yake na nyumba ya jirani, kilio kirefu cha kukwaruza, na ua wake ulikuwa umeshajaa. Kila aliyekuja alikuja na ushauri. Hakuna hata mmoja aliyekuja na ngazi.

"Mtupie maji, atatoka mwenyewe," alisema mmoja.

"Atoke aende wapi?" Mwanvua alimuuliza. "Ana mbawa?"

Paka mwenyewe alikuwa maarufu mtaa mzima, pande zile za Ujiji zinazoteremkia ziwani. Aliitwa Bwana Afya, kwa sababu ya tabia yake ya kuingia jiko la kila mtu na kukagua masufuria. Jina hilo alipewa na Yunisi, jirani wa ukutani, shoga wa Mwanvua wa miaka mingi. Yunisi alifariki mwaka uliopita. Watu walipotawanyika msibani, paka akachukua mkia wake akahamia kwa Mwanvua bila kualikwa, akalala juu ya gunia la dagaa kana kwamba ndiye aliyelipia. Mwanvua hakumfukuza. Alikuwa amepoteza mtu wa kuongea naye, na paka angalau alikuwa anasikiliza.

Nafasi aliyokwama iliitwa nafasi kwa heshima tu. Zamani pale katikati palikuwa na kiua kidogo, penye kivuli, ambapo yeye na Yunisi walikuwa wakikaa kuchambua dagaa na kuwachambua watu. Baada ya msiba, Eliakimu, mume wa Yunisi, fundi wa maboti aliyestaafu, akashusha tofali za saruji na kujenga chumba cha ziada juu ya kiua kile. Hakuuliza, hakuaga, hakusema neno. Akaacha upenyo wa shubiri moja tu kati ya ukuta wake mpya na ukuta wa udongo wa Mwanvua, kisha akaziba ncha zote mbili za upenyo kwa tofali mpaka juu, eti takataka zisiingie. Tangu siku ile Mwanvua hakumsalimia tena. Wakikutana barabarani, yeye anatazama ziwa, Eliakimu anatazama viatu vyake.

Usiku wa kuamkia siku hiyo paka alikuwa ametembea juu ya bati, akateleza na kuingia humo. Mwanvua aliazima ngazi kwa muuza mkaa, akapanda, akamulika kwa simu. Bwana Afya alikuwa amesimama chini kidogo ya usawa wa madirisha, juu ya donge la zege lililotokeza kwenye ukuta wa Eliakimu, macho yakiwaka. Alikuwa hajabanwa. Alikosa tu kitu cha kukita makucha, kwa sababu udongo wa Mwanvua ulimomonyoka kila alipougusa, na Eliakimu alikuwa amepiga plasta upande wake mpaka ukateleza, jambo la ajabu kwa ukuta usioonwa na mtu.

"Tulieni," Mwanvua aliwaambia walio chini. "Mkipiga kelele ataruka, na akiruka ataingia chini zaidi. Niacheni mimi nikatafute gunia la katani. Tutalifunga kwenye ubao mrefu, tuliteremshe mpaka alipo, halafu tuondoke wote. Atakwea mwenyewe."

Lilikuwa wazo zuri. Lingefaa kabisa, kama Mwanvua asingekuwa na mpangaji anayeitwa Adolf.

Adolf alikuwa dereva wa bajaji, kijana mwenye moyo safi na haraka ya bure. Mwanvua alipokuwa stoo akikung'uta gunia, Adolf aliingia jikoni kwake, akachukua jagi, akachota mawese yaliyokuwa bado yana uvuguvugu kutoka kwenye ndoo iliyokuwa imesubiri wateja, akapanda ngazi. Mwanvua alirudi na kumkuta juu, jagi limeinama, mafuta mekundu yakishuka upenyoni kwa raha zake.

"Unafanya nini?"

"Nalainisha, mama. Pete ikikwama kidoleni si tunapaka mafuta?"

Ndani ya ukuta kulisikika makucha yakikwaruza, yakikwaruza tena, kisha mshindo mdogo. Halafu kilio kikabadilika. Hakikuwa tena cha hasira. Kilikuwa kifupi, cha mtu anayekosa pumzi.

Mwanvua alimshusha Adolf kwa kumvuta suruali. Akapanda, akamulika. Donge la zege lilikuwa jekundu na tupu. Paka alikuwa chini kabisa sasa, usawa wa goti la mtu, pale ukuta wa udongo ulipofura kwa uzee na kuubana upenyo. Kichwa kilikuwa juu, miguu ya mbele ikitafuta pa kushika, kiuno kimenasa. Kuanzia masikio mpaka mabegani alikuwa amelowa mawese, anang'aa kama samaki wa kukaanga.

Akateremsha gunia hata hivyo. Paka alilirukia kwa makucha ya miguu yote miwili, akalikamata, na Mwanvua akahisi uzito wake kwenye ubao. Kisha gunia nalo likalowa mafuta, makucha yakateleza, na kiuno hakikutoka. Akajaribu tena kwa upande mkavu. Mara ya tatu paka hakulishika kabisa.

"Angalau sasa hana njaa," alisema mtu. "Anajilamba."

Mwanvua alishuka. Alihisi machozi ya hasira, na hakutaka kumpa mtu yeyote pale uani nafasi ya kuyaona. Ushauri ulikuwa umeongezeka. Wachome makuti, moshi umtoe. Wateremshe kamba yenye kitanzi wamvute kwa shingo. Waachane naye, paka ana roho ngumu. Huyu wa mwisho Mwanvua alimwonyesha njia ya barabarani kwa kidole, na yule wa kitanzi akafuata bila kuonyeshwa.

Alipiga 114.

Aliyepokea simu huko zimamoto hakucheka, na kwa hilo tu Mwanvua alimwombea dua. Wakaja wawili, dereva na koplo mmoja mwanamke, Scola, aliyevaa buti zinazomzidi na uso wa mtu ambaye hajalala. Alisikiliza habari yote akiwa amesimama. Ilipofika kwenye mawese, akamtazama Adolf kwa muda, akasema, "Sawa," kwa sauti ambayo haikuwa na usawa wowote.

Kitu cha kwanza alichofanya kilikuwa kuwatoa watu uani. Cha pili, aliomba kitambaa chepesi. Mwanvua akampa kanga. Scola akaiteremsha kwa fimbo mpaka ikamfunika paka kichwa, bila kumziba pua. "Giza linamtuliza," alisema. "Akihangaika anamaliza pumzi. Pale alipobanwa, kila akitoa hewa anashuka kidogo, na akivuta kifua kinapata nafasi ndogo zaidi. Kwa hiyo hatuna siku nzima."

"Mvute basi," alisema Adolf kutoka getini.

"Nimvute kwa kitu gani? Mkia? Mguu? Nitamtegua nyonga na bado hatatoka." Akaweka sikio kwenye ukuta wa Mwanvua, akagonga kwa kifundo cha kidole. Vumbi likaanguka. "Mama, nyumba hii ya lini?"

"Ya babu."

"Hapa sigusi. Nikitoa tofali moja, paa lenu litataka kujua limekwenda wapi. Na zile ncha alizoziba jirani, hata nikizibomoa nani ataingia kwenye shubiri? Inabidi tutoboe upande wa pili. Tofali moja la saruji, chini kidogo ya paka, tumpokee kwa chini."

Upande wa pili. Mwanvua alijifanya anafunga kilemba.

Scola alikwenda mwenyewe kumwona Eliakimu. Hakukaa. Alirudi akikuna shingo. "Yupo. Anasema kama kuna mwenye paka, mwenye paka aje."

Basi hapo Mwanvua alipandwa na hasira kweli. Mtu yuko ndani ya nyumba hiyohiyo, paka analia ukutani kwake tangu usiku, paka wa mke wake mwenyewe, na yeye anakaa kungoja aombwe. Alitaka kurudi jikoni, afunge mlango, awaachie ukuta wao. Akasikia kile kilio kifupi tena, chini ya kanga. Yunisi alikuwa amemlea paka yule kutoka kwenye boksi la sabuni, kwa kumnywesha maziwa kwa kipande cha pamba. Mwanvua alivaa ndala zake, akatoka nje, akazunguka kwa barabarani mpaka mlangoni kwa Eliakimu. Alikuwa hajaukanyaga mlango ule tangu siku walipoutoa mwili.

"Hodi."

Eliakimu alifungua kana kwamba alikuwa amesimama nyuma ya mlango. Alikuwa amekonda. Shati lilikuwa limefungwa vifungo vibaya, upande mmoja mrefu.

"Shemeji," alisema Mwanvua, na neno lilimtoka kama mwiba wa samaki. "Nimekuja kuomba. Paka anakufa ukutani kwako. Wanataka kutoboa tofali moja. Nitalipa fundi wa kuziba."

"Nimemsikia," alisema Eliakimu. "Tangu usiku."

"Umemsikia ukafanya nini?"

"Nilikaa naye." Akapisha mlango. "Pitia huku."

Mwanvua aliingia kwenye chumba kile kipya alichokilaani mwaka mzima. Alikuwa amekipigia hesabu zote: ni chumba cha kupangisha, au ni cha mke mpya. Kilikuwa kitupu. Hakikuwa na kitanda, wala pazia, wala msumari ukutani. Palikuwa na sakafu ya saruji na kigoda kimoja kilichosogezwa mpaka ukutani, na karibu na kigoda kikombe cha chai iliyoganda juu. Alikuwa amekaa pale. Mwanvua alikuwa na maswali mengi, lakini Scola alikuwa ameshaingia na mfuko wa vifaa.

"Mzee, shikamoo. Natoboa hapa, ruhusa?"

"Marahaba. Toboa."

Scola aligonga, akasikiliza, akagonga tena, mpaka paka akajibu kwa ndani. Akachora alama kwa chaki usawa wa sauti, kisha akashuka safu moja chini ya alama na kuchora nyingine. Akaanza na patasi kwenye kiungo cha saruji, si katikati ya tofali, kwa mapigo madogo. Kiungo cha juu alikigusa mwisho. Vipande alivivuta kwake, vikaanguka chumbani; hakutaka hata kokoto moja iingie ndani na kumziba paka njia ya hewa. Kila baada ya mapigo machache alisimama, akasikiliza. Ilikuwa kazi ya kuudhi kuitazama. Mwanvua alitamani kumnyang'anya nyundo.

"Piga kwa nguvu basi, mwanangu."

"Mama, nikipiga kwa nguvu ukuta unatikisika, anashtuka, anashuka. Akishuka naanza upya."

Mwanvua akaishika mikono yake nyuma, kwa shida.

Tofali lilitoka vipande vipande. Scola akamulika kwenye tundu, akalala ubavu, akaingiza mkono wenye glavu ya ngozi. Ukafika kiwikoni ukakwama. Akavua koti, akajaribu tena. Mabega yake yalikuwa mapana kuliko kazi.

"Naona tumbo na miguu ya nyuma," alisema. "Inaning'inia. Nikiongeza tundu kwa juu nafika kwake, lakini vipande vitamwangukia."

"Ngoja," alisema Eliakimu.

Alikuwa ameshakunja shati. Mikono yake ilikuwa mirefu, myembamba, mikono iliyokuwa imeshinda maisha yote ikipenya kati ya mbao za maboti kutafuta mahali panapovuja. Scola alimtazama, akampima, akampa glavu. "Mkono wa kulia tu, mzee. Usishike mguu. Usishike mkia. Weka kiganja chini ya nyonga, mbebe uzito wake kwanza. Asikie kuna sakafu. Usifanye kitu kingine mpaka nikwambie."

Eliakimu akalala sakafuni, shavu kwenye saruji, mkono ukazama mpaka begani.

"Nimempata."

"Anakukwaruza?"

"Anakwaruza."

"Mwache. Mbebe tu."

Kilio kilisimama. Kwa mara ya kwanza tangu usiku kukawa kimya, na kimya kile kilimtisha Mwanvua kuliko kilio. Kisha akasikia pumzi ndefu kutoka ndani ya ukuta, ya kiumbe aliyepata mahali pa kuegemea. Eliakimu alikuwa ameanza kuongea na paka kwa Kiha, chini kwa chini, maneno ya kuuliza habari za nyumbani, kama mtu anavyoongea na mgeni aliyechelewa sana kufika.

"Sasa msukume juu kidogo," alisema Scola. "Kiuno kitoke kwenye kibano. Ukimvuta chini sasa hivi unamkaza. Juu kwanza. Ametoka? Mgeuze ubavu, mgongo ukae kwenye ukuta wako. Paka akikaa ubavu ni mwembamba. Polepole. Sasa mlete chini, mwili wote pamoja."

"Anateleza."

"Hapo sawa, ateleze. Sasa hivi ndipo mafuta yana kazi."

"Nilisema," alisema Adolf, ambaye hakuna aliyemwona akiingia.

Mwanvua hakugeuka. "Adolf, toka nje kabla sijakupaka na wewe."

Miguu ya nyuma ilitokea tunduni kwanza, kisha kiuno, kisha kanga iliyolowa. Scola akamdaka kwa taulo, akambana miguu yote minne ndani, akamwacha kichwa nje. Hakuwa paka tena wa kukagua majiko ya watu. Alikuwa kitu chekundu, chembamba, chenye mdomo wazi, mbavu zinapanda na kushuka. Lakini zilikuwa zinapanda na kushuka. Mwanvua alikaa chini kwenye vumbi la tofali, akafunika uso na kulia wazi, na hakujali nani anaona.

Scola alimpapasa paka miguu, mkia, tumbo, bila haraka. "Hakuna kilichovunjika ninachokiona mimi. Lakini leo hii apelekwe kwa daktari wa mifugo, asikilizwe kifua. Kabla ya hapo mwosheni kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo ya vyombo, mumsuuze vizuri, mumkaushe kabisa. Mafuta yakibaki atapata baridi, na akiyalamba yote ataharisha mpaka mumkimbie. Mwekeni kwenye tenga lenye kifuniko, asije akarudi juu ya bati." Akainuka, akajifuta magoti. "Na ule upenyo juu muufunike kwa wavu wa chuma. Mkiuacha wazi, nitarudi hapa. Sitaki kurudi hapa."

Akaondoka. Mtaa nao ukaondoka, kwa kuchelewa, kwa sababu watu walitaka kuona tundu.

Wakabaki wawili, na paka ndani ya tenga kati yao. Mkono wa Eliakimu ulikuwa umechanika juu ya glavu, mistari ya damu imechanganyika na mawese. Alikuwa anaangalia tundu.

"Shemeji," alisema Mwanvua. "Chumba hiki ni cha nini?"

"Si cha kitu," alisema Eliakimu.

"Umetumia tofali zote hizi kwa chumba kisicho na kitu?"

"Kila nikifungua mlango wa nyuma," alisema, "naona pale mlipokuwa mnakaa. Asubuhi naona. Jioni naona. Vile vigoda viwili. Nikaona nipazibe." Akafuta mkono kwenye suruali. "Hakikusaidia. Sasa kimekuwa chumba cha kukaa bila kuona kitu."

Mwanvua alimtazama kwa hasira iliyokosa pa kwenda. Mwaka mzima alikuwa ameibeba dharau ile kifuani, anaipalilia, anaisimulia kwa wateja wa mawese, na hapakuwa na dharau. Palikuwa na mzee aliyefunga vifungo vibaya.

"Mwaka mzima, shemeji. Ungeweza kuja kusema."

"Ningekuja kusema nini? Hata paka alinihama. Nilimwekea maziwa pale nje. Hakuja." Akainama kwenye tenga. "Anakula nini kwako?"

"Dagaa. Na ugali, ukiwa na mchuzi. Ugali mkavu haugusi."

"Yunisi alimzoesha vibaya."

"Alituzoesha vibaya wote." Akanyanyuka, akajikung'uta. Macho yake yakaangukia kile kikombe kilichoganda. "Na wewe unakula nini?"

Eliakimu alifikiri, na kufikiri kwenyewe kulikuwa jibu. "Chai," alisema mwishoni.

"Chai," alirudia Mwanvua. Alikuwa na mengi ya kumwambia, mengine makali, na mengine angeyasema tu, leo au kesho. "Beba tenga. Tumwoshe, tumpeleke kwa daktari, halafu utakula kwangu. Na usiniambie utafikiria."

Eliakimu alibeba tenga kwa mikono miwili, akamfuata. Iliwabidi wazunguke kwa barabarani, mbele ya majirani wote, kwa sababu njia ya katikati alikuwa ameiziba mwenyewe. Kwenye kona alisimama, akasema atamwita fundi akibomoe kile chumba. Mwanvua akamjibu kwamba fundi atakuja wakishakula.